Kumbadilishia bibi gauni kwenye picha, bibi abaki yule yule

Minada ya korosho ikishaanza na watu wakalipwa, studio yangu hapa Mtwara mjini hupata kazi ya aina moja kwa wingi. Mtu anakuja na picha ya babu au bibi kwenye simu, anataka isafishwe ikatundikwe sebuleni, kisha anaongeza kwa sauti ya chini: "Na hiyo nguo, fundi, mtafutie nyingine." Nguo yenyewe huwa ya shamba. Imechakaa, au ina madoa ya mabibo, na kila aliyewahi kuokota korosho anajua kuwa doa la bibo haling'oki kwa sabuni.

Kazi ya kwanza ya namna hiyo niliiharibu. Ilikuwa picha ya mzee mmoja wa Lindi aliyepigwa akiwa na fulana. Nilichukua picha ya kanzu iliyovaliwa na kijana, nikaikata, nikambandika mzee kichwa juu yake, nikalainisha shingo, nikaona nimemaliza. Mkewe alipoletewa aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akauliza: "Huyu aliyevishwa uso wa mume wangu ni nani?" Alikuwa na haki. Mume wake ana bega la kushoto lililoshuka na kichwa kinachotangulia mbele ya kifua. Mimi nilikuwa nimempa mabega ya mtu wa miaka 25.

Tangu siku hiyo naifanya kazi hii kwa njia nyingine, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Inapowezekana sibadilishi nguo, nabadilisha kitambaa tu. Mikunjo ya gauni alilovaa bibi siku ile ndiyo inayoonyesha mgongo wake ulivyopinda, goti lake lilivyokaa na mkono upi unabeba uzito. Nikiitunza mikunjo hiyo na kubadilisha rangi na maua tu, mkao unabaki wake bila mimi kuuhangaikia.

Mfano nitakaoufuata ni wa bibi mmoja wa Newala aliyepita miaka 80. Mjukuu wake alimpiga kwa simu, ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto juu ya mkongojo, wa kulia mapajani. Amevaa gauni jeupe lenye vijiua vyekundu vilivyopauka, vifungo vitatu kifuani, doa la kahawia karibu na paja. Kichwani kajifunga khanga. Mashavuni na kwenye paji la uso ana nembo, zile chale za Kimakonde, na juu ya mdomo kuna alama ya tundu lililokuwa na ndonya zamani. Familia ilitaka avae kitenge cha kijani chenye duara za manjano, sare waliyoshona kwa harusi ya mjukuu mwingine.

Kabla ya kuwasha kompyuta

Niliomba kuongea na bibi mwenyewe. Mjukuu alimpigia simu, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kinachotakiwa. Akacheka kwanza. Kisha akasema kitenge anakitaka, ila kilemba kisiguswe, maana ile khanga alipewa na binti yake. Mjukuu naye alikuwa na ombi lake, alilolisema baada ya simu kukatwa: kama inawezekana nizipunguze zile nembo, "watu wa siku hizi wanashangaa." Nikamwambia bibi ameulizwa na hakulisema hilo. Hatukubishana zaidi.

Mazungumzo hayo ni hatua ya kazi kwa sababu yanakuchorea mpaka. Nilitoka na orodha ya vitu viwili: ninachogusa ni gauni, nisichogusa ni kila kitu kingine.

Jambo la pili ni faili. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kinachokufa kwanza ni vitu vidogo: vinyweleo, ngozi ya mkono, uzi wa kitambaa. Mwambie aitume kama hati, au alete simu yenyewe. Muulize pia kama kamera ya simu ina ule urembo wa kulainisha uso. Simu nyingi huja nao umewashwa, na bibi akishalainishwa na simu hutaweza kumrudishia makunyanzi yake. Kama bado yupo karibu, ni afadhali apigwe upya.

Ya tatu: omba kipande cha kitambaa chenyewe. Kitandaze chini kivulini, kisiwe na mikunjo, weka rula pembeni, piga kutoka juu wima kabisa. Usipige juani. Jua litakuachia mng'ao upande mmoja, na mng'ao huo utauona baadaye kifuani kwa bibi.

Kutoa maua ya zamani, kubakiza mikunjo

Natumia programu ya GIMP 2.10 kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta yangu iliyozeeka. Anayetumia Photoshop atapata vifaa vile vile kwa majina yanayokaribiana.

Tatizo la kwanza ni kwamba gauni la zamani lina maua. Ukilaza kitenge juu yake na kuacha vivuli vya chini vipenye, maua ya zamani yatapenya pia, na bibi ataonekana amevaa nguo mbili. Hapa kuna ujanja ambao watu wengi hawaujui. Picha ya rangi imejengwa kwa picha tatu za kijivu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Katika ile ya nyekundu, kitu chekundu huonekana cheupe, karibu sawa na kitambaa cheupe kinachokizunguka. Kwa hiyo vijiua vyekundu juu ya gauni jeupe vinapotea karibu vyote, mikunjo ikabaki. Nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua RGB, utapata picha mpya yenye leya tatu, yaani tabaka tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Angalia moja moja. Kwa bibi wa Newala leya ya nyekundu ilikuwa safi kiasi kwamba hata doa la bibo lilififia, kwa kuwa rangi ya kahawia nayo ina wekundu mwingi ndani yake. Mabaki ya doa niliyamaliza kwa `Clone`, nikichota kitambaa kutoka kwenye mkunjo ule ule, si mkunjo wa jirani.

Kama maua yangekuwa ya bluu ningeichukua leya ya bluu. Ujanja huu una mwisho wake: maua meusi hayapotei kwenye leya yoyote. Khanga yenye pindo jeusi, au kitenge cha rangi nyingi, hakitoi picha safi ya mikunjo, na hapo ni bora uende kwenye njia ya kumpiga mtu wa badala, nitakayoitaja mbele.

Nakili leya hiyo ya kijivu, ibandike juu ya picha ya asili, uipe jina "vivuli". Itafanya kazi mbili tofauti.

Maski: mikono kwanza

Sasa unachora mpaka wa gauni. Tumia `Paths`, usitumie brashi wala kile kifaa cha kuchagua rangi kwa mguso mmoja, kwani kwenye gauni jeupe na ukuta uliopakwa chokaa hakitajua tofauti. Zunguka gauni polepole, geuza njia kuwa uteuzi, lainisha ukingo kwa pikseli 1 au 1.5, kisha ugeuze uteuzi huo kuwa maski, yaani kiolezo kinachoacha leya ionekane ndani ya mpaka wa gauni tu. Ukilainisha zaidi ya hapo nguo inaonekana ina ukungu.

Tumia muda wako mwingi kwenye mikono. Vidole vya mtu mzee vina vifundo vilivyovimba, mishipa imetokeza, ngozi iko huru. Ukichora mpaka ndani ya kidole kwa pikseli tatu tu, kidole kimekuwa chembamba na laini, na bibi amepungukiwa miaka 20 mkononi wakati uso umebaki na miaka yake. Mtazamaji hataweza kusema kasoro iko wapi, lakini ataihisi. Kanuni yangu: pale mpaka unapotatanisha, nguo ndiyo ikose, mkono upate. Kisha zima na kuwasha leya ya nguo mara kadhaa ukiwa umekuza picha kwa asilimia 200, ukitazama kidole kimoja kimoja. Kikicheza, rudia mpaka.

Kwenye shingo ni vivyo hivyo, pamoja na jambo moja zaidi. Usichague nguo mpya inayofunua sehemu ambayo ya zamani iliifunika. Hiyo ngozi huna. Utalazimika kuibuni, na ngozi ya shingo ya mtu wa miaka 80, yenye mikunjo ya mlalo, kano mbili zinazosimama na shimo katikati, haibuniki kwa kunakili shavu. Gauni la sare lilikuwa na shingo pana. Kwenye picha nimebakiza ile ya mviringo ya gauni la zamani, na hakuna aliyelalamika.

Ukubwa wa maua

Hapa ndipo picha nyingi zinapofichuka. Maua yakiwa makubwa kupita kiasi bibi anaonekana mtoto, yakiwa madogo anaonekana jitu. Unahitaji kipimo halisi kutoka kwenye nguo yenyewe. Mjukuu alikuwa nalo gauni la zamani nyumbani, nikamwomba apime umbali kutoka kifungo hadi kifungo. Akasema sentimita 7. Kwenye picha umbali huo ulikuwa pikseli 175, yaani pikseli 25 kwa kila sentimita. Duara la kitenge kwa rula lilikuwa sentimita 9, kwa hiyo kifuani linatakiwa liwe na pikseli 225. Nikapunguza picha ya kitambaa hadi duara likafika hapo.

Kipimo hicho ni cha kifuani tu. Magoti yako karibu zaidi na kamera, kwa hiyo kitambaa cha magotini kinakuwa kikubwa kidogo. Na mapajani kitambaa kimelala, kamera inakiona kwa upande, kwa hiyo duara linabanwa na kuwa yai.

Kukata kama fundi cherehani

Usilaze kitambaa kimoja juu ya gauni zima. Gauni halikushonwa hivyo. Kuna kipande cha kifua, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kipande cha mapaja na kinachoning'inia kutoka magotini. Tengeneza leya ya kitambaa kwa kila kimoja, zungusha kila moja ifuate uelekeo wa kiungo chake, na acha maua yakatike kwenye mishono. Mshono ambao maua yanapita juu yake bila kukatika ni wa uongo, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye cherehani ataona.

Kwa kipande cha mapaja tumia `Perspective` kukilaza mpaka duara zibanwe. Kwa mikono tumia `Cage Transform`: chora pointi kuzunguka mkono wa gauni, kisha uzivute kidogo kidogo kitambaa kizunguke mkono. Kila kipande kiwe kikubwa kuliko nafasi yake, kizidi angalau pikseli 40 kila upande, maski itakata ziada. Utaona sababu baada ya muda mfupi.

Sasa mgongo, ambao ndio moyo wa kazi yote. Mtu mwenye kibiongo anakula kitambaa kingi nyuma. Muulize fundi anayeshonea wazee: gauni likikatwa sawasawa, nyuma litapanda na mbele litashuka, ukosi utaachana na kisogo, na chini ya kifua patajikusanya kitambaa cha ziada chenye mikunjo ya mlalo. Kwa bibi wa Newala mikunjo hiyo ilikuwa minne, kati ya kifungo cha pili na kiuno. Inashawishi kuinyoosha, maana inaonekana kama uchafu. Ukiinyoosha umemnyoosha mgongo. Kichwa kitabaki kimetangulia mbele huku kifua kikiwa kimesimama wima, na hapo umemrudia mzee wangu wa Lindi.

Kwa hiyo maua ya kipande cha kifua lazima yaingie ndani ya mikunjo hiyo minne na kutoka. Ndiyo kazi ya kwanza ya leya ya "vivuli".

Kukipinda kitambaa

Nakili leya ya vivuli, ipe nakala ukungu kwa `Gaussian Blur` wa pikseli 8 hivi. Bila ukungu huo kila uzi na kila chembe ya kamera itasukuma maua, nayo yatatetemeka kama yanaonekana kupitia maji. Halafu simama kwenye leya ya kitenge, ipe ukubwa wa picha nzima kwa `Layer > Layer to Image Size` ili ilingane na nakala hiyo, fungua `Filters > Map > Displace`, uipe nakala hiyo kama ramani ya mlalo na ya wima. Kompyuta inasoma kijivu cha katikati kama "usisogee", kilicho cheupe zaidi inakisogeza upande mmoja, cheusi zaidi upande wa pili. Kwa kuwa gauni lenyewe ni jeupe kuliko kijivu cha katikati, kitambaa chote kitasogea kidogo upande mmoja. Ndiyo maana niliomba ziada ya pikseli 40.

Nilianza na pikseli 15, ambazo kwa kipimo chetu ni zaidi kidogo ya nusu sentimita. Kwa mikunjo midogo ya mikononi zinatosha. Kwa ile minne ya kiunoni hazikutosha, nikafika 22. Unajua umezidisha pale ukingo wa duara unapokatika na kuwa meno meno. Unajua umepunguza pale duara linapopita juu ya mkunjo mweusi likiwa mviringo kamili, kama stika iliyobandikwa.

Ujue tu kwamba kifaa hiki hakielewi mkunjo, kinaelewa weupe na weusi. Mkunjo mkubwa ambao kitambaa kimejifunika chenyewe, kama pale gauni lilipobanwa chini ya mkono wenye mkongojo, hakiwezi kuutengeneza. Hapo kata kitambaa kwa mkono: upande wa juu wa mkunjo leya moja, upande wa chini leya nyingine iliyosogezwa sentimita mbili au tatu, maua yasiunganike.

Kurudisha vivuli

Weka leya ya "vivuli", ile isiyo na ukungu, juu ya kitenge, ipe modi ya `Multiply`, maski ile ile ya gauni. Mara moja kitenge kitapata mwili. Kitakuwa pia cheusi mno, kwa sababu gauni jeupe kwenye picha halikuwa jeupe kamili. Fungua `Levels`, vuta pointi nyeupe mpaka mahali kitambaa kilipopigwa na mwanga zaidi. Kwa picha hii ilikuwa karibu na 205. Sasa sehemu zenye mwanga zinaonyesha rangi halisi ya kitenge na mikunjo pekee ndiyo inatia giza.

Tatizo linalofuata ni la kitambaa chenye rangi nzito. Kwenye gauni jeupe mkunjo unaonekana kwa kivuli chake. Kwenye kijani kizito kivuli kinamezwa, na mkunjo unaonekana kwa mng'ao wa mgongo wake. Nakili leya ya vivuli tena, ipe `Soft light`, punguza `Opacity` hadi asilimia 30 hivi. Mikunjo itainuka. Ukifika asilimia 60 kitenge kinakuwa satini.

Mnaoshona mtasema kitenge kipya ni kigumu, hakifanyi mikunjo midogo kama pamba iliyofuliwa mara mia. Ni kweli. Kwenye picha hii bibi anaonekana amevaa kitenge kilichofuliwa mara kadhaa. Nimejaribu kuifuta mikunjo midogo ili kitambaa kionekane kipya dukani, na kila mara mwili wa bibi uliondoka nayo. Siifuti tena.

Mwanga unaotoka kwenye nguo

Gauni jeupe ni kioo. Barazani mwanga ulitoka kushoto, ukapiga kifua cheupe, ukarudi juu chini ya kidevu na kupunguza vivuli vya shingo. Ukimvisha kijani kizito na kuacha mwanga ule, uso utaonekana umetoka kwenye picha nyingine, hata kama hujagusa pikseli yake hata moja.

Fungua leya mpya tupu, modi ya `Multiply`. Chukua rangi ya kijani kutoka kwenye kitenge, brashi laini kubwa, `Opacity` asilimia 10. Pitisha chini ya taya na mbele ya shingo, mara mbili, basi. Pia chora kivuli chembamba pale ukosi unapogusa shingo, upande wa kulia, mwanga usipofika. Bila mstari huo nguo inaelea.

Hatua hii inaongeza makunyanzi ya shingo kidogo, kwa kuwa inaondoa mwanga uliokuwa ukiyaficha. Mjukuu aliliona. "Mbona kama umemzeesha?" Nikaizima leya, nikaiwasha, nikamwacha aamue mwenyewe ipi inafanana na bibi aliyemwacha nyumbani. Akachagua iliyowashwa, ila aliomba niipunguze nusu, nikaipunguza.

Mwisho wa hatua hii, kitenge ulichopiga kivulini huenda ni safi kuliko picha ya simu iliyojaa chembechembe. Ongeza chembe kwa `RGB Noise`, kidogo, mpaka kitambaa na ukuta vifanane ukikuza.

Kujikamata mwenyewe

Mkono wa mhariri una tabia ya kutembea. Unasafisha ukosi, brashi inapita kidevuni, kunyanzi moja limeondoka na hukujua. Kwa hiyo mwisho wa kazi naweka nakala ya picha ya asili juu ya leya zote na kuipa modi ya `Difference`, baada ya kuizima ile leya ya kivuli cha shingo. Panapofanana panakuwa peusi kabisa. Gauni litawaka rangi, na hiyo ni sawa. Uso, nembo, kilemba, mikono, mkongojo na kiti lazima viwe vyeusi tii. Kwa bibi wa Newala niliona kidoa kimoja kikimeta kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Maski ilikuwa imekula ngozi ya pikseli nne. Nikarudisha.

Jaribio la pili halitaki kompyuta. Punguza picha hadi ilingane na kidole gumba, mpe mtu anayemfahamu bibi huyo, muulize ni nani. Akimtaja bila kusita mkao umepona. Akisema "kama bibi fulani hivi," kuna bega ulilolinyoosha.

Nguo inapobadilika umbo

Kuna kazi ambazo kitambaa pekee hakitoshi. Fulana haiwi kanzu kwa kubadilishwa maua. Hapo mtafute mtu wa kimo kinachokaribia, mvalishe kanzu halisi, mkalishe kwenye kiti cha aina ile ile, mwanga utoke upande ule ule, kamera iwe kimo kile kile na umbali ule ule. Mwekee taulo iliyoviringishwa juu ya mgongo ndani ya kanzu pale kibiongo kilipo, na mwombe ashushe bega lile lile. Mpe na mkongojo aegemee kweli, asiushike tu, maana uzito ndio unaovuta kitambaa. Kisha utachukua kanzu kutoka kwenye picha hiyo, na hatua za maski, shingo na `Difference` ni zile zile.

Na kama unachomvalisha ni khanga, isome kabla ya kuibandika. Khanga ina jina, na jina linasema. Yapo majina ya mafumbo ya kugombana ambayo bibi asingejifunga mbele ya wakwe zake hata kwa bahati mbaya. Angalia pia kwamba hukuigeuza picha kushoto kulia ili ifuate mwanga: maandishi yatasomeka kinyume, na kwa khanga hilo huonekana kabla ya kitu kingine chochote.

Picha ya bibi niliichapa inchi 8 kwa 12, yaani pikseli 2400 kwa 3600, kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa ukutani inarudisha dirisha usoni. Faili ya asili, ile ya gauni lenye doa, nilimpa mjukuu pamoja na hiyo, nikamwambia asiifute. Alipofika Newala alinipigia simu akampa bibi. Alichotaka kujua bibi ni kama kitenge kile sasa ni chake, maana kwenye picha kinamkaa, lakini kwenye sanduku lake hakionekani.